Sekunde Saba Baada ya Neno

Mjini Tabora, ukimsikia Mwanamkuu binti Abbasi kwenye redio, unauliza nani kafa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo kwenye kituo kimoja kidogo cha redio cha mjini. Marehemu alikuwa mkazi wa wapi, ameacha watoto wangapi, habari ziwafikie ndugu zake walioko Kigwa, Puge na Kaliua, mazishi ni saa kumi. Alisoma vizuri mno, na ubaya ulikuwa hapo. Sokoni akisema "Naomba nyanya za kupima," muuza nyanya hushtuka kwanza ndipo achukue kopo. Watoto wa mtaa wa Gongoni walimwita Mama Innalillahi. Alicheka nao, lakini akifika nyumbani kwenye cherehani yake alishona sare za shule bila kuimba, maana hata yeye alishaanza kuiogopa sauti yake.

Kwa hiyo Revocatus, msimamizi wa vipindi pale redioni, alipompa dakika moja ya kila siku mwezi mzima wa Ramadhani, Mwanamkuu alilia mbele ya watu. Dakika hiyo ilikuwa ya wasifu wa waumini wa mwanzo, siku thelathini, watu thelathini. Iliwekwa mahali pa heshima kuliko pote, mara tu kabla ya adhana ya Magharibi, saa ambayo kila nyumba redio iko wazi na kila mkono umeshika tende. Kwa mara ya kwanza watu wangeisikia sauti yake wakisubiri neema. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hilo ndilo jambo pekee alilolitaka.

"Ila sekunde sitini, dada Mwanamkuu," Revocatus alimwambia. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki wa Ipuli, lakini saa za sala za Waislamu anazijua kuliko Waislamu wenyewe. "Sitini na moja inaingia kwenye adhana, na mimi adhana siikati. Ikipungua nayo ni balaa. Mtambo wetu hauna dini. Ukisikia kimya sekunde tano, unajua studio imekufa, unajirusha wenyewe kwenye muziki. Na muziki uliomo mle ni wa harusi."

Mwanamkuu alijua hesabu za kinywa. Kiswahili kina maneno marefu, na msomaji asiyekimbizwa na mbwa husoma maneno mawili hivi kwa sekunde. Sekunde sitini ni maneno mia na kumi na tano, na pumzi ndani yake. Wa kwanza alimchagua Bilali bin Rabaha, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwadhini wa kwanza, na dakika ile ingeishia mlangoni mwa adhana. Alikata maisha yake vipande vitatu, kama anavyokata kitambaa. Kipande cha kwanza kilikuwa mchanga wa moto na jiwe kifuani. Cha pili Bilali juu ya Alkaaba, akiadhini siku Makka ilipofunguliwa. Cha tatu Bilali baada ya kufiwa na Mtume, asiweze tena kuadhini Madina. Mwisho funzo moja. Akahesabu maneno kwa kalamu, mia na kumi na tano kamili, akajipigia makofi.

Aliposoma kwa saa, zikatoka sekunde sabini na mbili.

Akasoma tena, sabini na mbili. Alikaa nusu saa akijiona mjinga kabla hajagundua alipoangukia. Kwenye karatasi alikuwa ameandika "Mtume (s.a.w.)" mara nne na "(r.a.)" mara tatu, akahesabu kila kifupi neno moja. Mkono wa Mwislamu huandika herufi tatu, lakini ulimi wake hauwezi kupita hapo bila kutamka yote, swalla Llahu alayhi wasallam, na hiyo ni sekunde tatu nzima kila mara. Mwanamkuu alicheka peke yake hadi akashika mbavu. Akaamua Mtume atajwe mara mbili tu, na aswaliwe bila haraka, na Bilali aombewe radhi mara moja tu, mwanzoni.

Kisha akapeleka karatasi kwa Maalim Murtadha wa msikiti wa jirani, ambaye husahihisha kila kitu kwa kalamu nyekundu, hata risiti za duka. Maalim alifuta kisa cha Bilali kuota ndoto na kurudi Madina. "Watu wanakipenda, lakini upokezi wake una maneno. Redioni tuweke kilicho imara." Alifuta mafunzo mawili kati ya matatu. "Umesema funzo moja, mbona umeniletea furushi?" Akatoa masharti mawili: muziki usiwekwe, na asiigizwe sahaba. "Ukisema Bilali alisema Ahad, sema alisema. Usigune, usiheme, usijifanye umebebeshwa jiwe. Sisi tunasimulia, hatuwavai watu wale."

"Nimekuelewa, Maalim. Na hili neno mtumwa?"

"Lina nini? Ndilo lililoandikwa vitabuni. Liache."

Mahali pa kurekodia palikuwa nyumbani kwa Bibi Lamya. Masika yale mvua ilipiga mabati ya mji mzima, na chini ya bati usingeweza kurekodi hata kikohozi. Bibi Lamya, ajuza wa miaka themanini na sita, alikuwa wa mwisho wa ukoo wake kubaki Tabora. Babu zake walitoka Oman, wakaja na njia ya misafara kutoka pwani, wakajenga nyumba ya udongo yenye kuta nene kama urefu wa mkono. Nyuma kabisa, uani, kulikuwa na ghala lenye dari ya udongo na miti. Humo ndani mvua ilikuwa habari ya kuambiwa. Mwanamkuu aliwahi kumshonea Bibi Lamya mapazia, wakapendana, akapewa ufunguo.

Ghala lilikuwa na mlango mwembamba wa kuingia kwa ubavu, tundu moja la hewa karibu na dari, na ukutani, usawa wa kiuno, pete ya chuma iliyozamishwa ndani ya udongo. Wenyeji wa nyumba walisema ilikuwa ya kufungia punda. Mwanamkuu hakuwahi kujiuliza punda alipitaje mlango ule. Yeye alitundika blanketi ukutani, akaning'iniza maikrofoni kwenye pete, kwa kuwa hakuwa na stendi, akaona Mungu amempa studio.

Siku ya kwanza alirekodi baada ya adhuhuri, mji ukiwa umelala kwa joto la kabla ya mvua. Alisoma moja kwa moja, bila kukwama, akabonyeza kuzima, akatazama kioo cha simu aliyounganisha na maikrofoni. Sekunde sitini na saba.

Akahesabu maneno, yalikuwa sawa. Akasikiliza. Sauti yake ilianza vizuri: "Bilali bin Rabaha, radhiya Llahu anhu, alizaliwa katika mji mtukufu wa Makka. Alikuwa mtumwa." Halafu kimya. Kimya kirefu cha sekunde saba, kisha sauti yake ikaendelea na bwana wake Umayya na mchanga wa moto, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwanamkuu hakukumbuka kunyamaza. Akasema ni simu, simu za siku hizi zina mambo. Akarekodi tena, sitini na saba, na kimya palepale baada ya neno mtumwa. Mara ya tatu alisoma haraka, kama mtu anayewahi treni. Sehemu nyingine zote zilifupika, lakini kile kimya kilibaki sekunde saba. Alitoka nje akasimama juani. Jasho lilimtoka mgongoni, na halikuwa jasho la joto.

Usiniambie angekimbia. Mwanamke aliyesoma majina ya maiti miaka kumi na tisa hakimbizwi na kimya. Alifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya, akakata zile sekunde saba kwa programu ya simu, akaunganisha ncha mbili, akampelekea Maalim Murtadha asikilize kabla ya kwenda redioni. Zilikuwa sitini kamili aliposhika simu kutuma. Maalim akajibu baada ya Alasiri kwa ujumbe wa sauti: "Bibie, kazi nzuri, lakini imezidi dakika. Halafu nilikukataza. Mtoe huyo anayehema pale baada ya mtumwa. Nilisema masahaba hawaigizwi."

Mwanamkuu alivaa visikizi, akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya kilikuwa kimerudi, na hakikuwa kimya. Ndani yake, mbali sana, kulikuwa na mtu anavuta pumzi kwa mdomo, polepole, kama anayejizuia asisikike. Kisha kitu kidogo cha chuma kikagonga udongo, mara moja. Alivua visikizi akaviweka juu ya cherehani, na siku ile hakushona tena.

Kesho yake alimwomba Bibi Lamya akae naye ghalani. Hakumweleza sababu. Bibi alikuja na fimbo yake na saa ya mfukoni ya marehemu mumewe, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akanusa hewa kama mtu asiyeingia pale kwa miaka mingi.

"Soma, mwanangu. Mimi nitahesabu."

Mwanamkuu akasoma. Alipomaliza, akageuka. Bibi Lamya alikuwa ameishika saa kwa mikono miwili.

"Umesoma vizuri," alisema. "Mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, Bibi."

"Ulinyamaza. Ulisema lile neno, ukafunga mdomo, ukageuka ukaitazama pete. Nikakuita, Mwanamkuu, Mwanamkuu. Hukusikia. Halafu ukaendelea. Na pete ilikuwa inatikisika."

Maikrofoni ilikuwa ingali inabembea kidogo mwisho wa waya wake. Humo ndani hapakuwa na upepo wa kutikisa hata utando wa buibui. Wote wawili waliitazama mpaka ikatulia.

"Mwanangu," Bibi Lamya alisema mwishowe, "neno hilo humu ndani halitamkwi. Hata baba yangu alikuwa halitamki. Andika mtumishi. Maana ni ileile."

"Maalim kasema—"

"Maalim hakulala nyumba hii utotoni." Akainuka kwa fimbo. "Andika mtumishi. Ama niletee ufunguo wangu."

Mwanamkuu ni binadamu kama wewe. Ramadhani ilikuwa imebaki siku mbili, vipindi ishirini na tisa vilimsubiri nyuma ya hiki, na mahali pengine pa kurekodia hakuwa napo. Alipobaki peke yake alifuta mtumwa akaandika mtumishi. Akasoma. Sekunde sitini. Akasikiliza na visikizi masikioni, ghala lilikuwa kimya cha kawaida, safi, sauti yake ikitiririka kama maji ya kisima. Furaha ilimpanda hadi akafunga macho na kumshukuru Mungu.

Akairudia kuisikiliza, na safari hii sauti iliyosema "alikuwa mtumishi" aliifahamu. Ilikuwa sauti yake, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa mama yake.

Wakati ule Mwanamkuu alikuwa mtoto wa miaka minane, Kaliua, kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa akibadilisha njia za treni pale zinapoachana ile ya Kigoma na ile ya Mpanda. Mama yake alikuwa anachambua mchele. Mwanamkuu akauliza habari za Bibi Faida, mzaa bibi yake, ambaye jina lake lilitajwa kwenye kila hitima na habari zake hazikutajwa popote.

"Alikuwa mtumishi," mama yake alisema. "Kwenye nyumba ya Waarabu, Tabora."

"Alikuwa analipwa?"

Mama aliacha kuchambua. Mkono wake ulikaa hewani juu ya ungo, kinywa kikawa nusu wazi, na muda ukapita, mrefu kuliko swali lenyewe. Kisha akasema, "Sisi ni waungwana. Chambua mchele." Mwanamkuu hakuuliza tena, na mama yake alikufa bila kuulizwa tena.

Pale ghalani, akiwa amekaa sakafuni, alihesabu kwa vidole, kwa mazoea tu, ule ukimya wa mama yake kama alivyoukumbuka. Hakutaka kuamini hesabu yake. Akavuta maikrofoni kutoka kwenye pete kana kwamba chuma kilikuwa kimeanza kupata moto.

Jioni ile alikwenda sebuleni kwa Bibi Lamya. Alipiga magoti kwenye mkeka, akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa baridi.

"Bibi, naomba nilibakize neno lile. Sitaki kukuaibisha. Bilali hakuwa mtumishi. Angekuwa mtumishi, angeacha kazi akaenda zake, na lile jiwe lisingekuwa na maana." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Na nina jambo langu. Mzaa bibi yangu aliitwa Faida. Tuliambiwa alikuwa mtumishi kwenye nyumba ya Waarabu hapa Tabora. Mimi nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na leo nimejisikia nalisema, nikaona aibu. Sijui ilikuwa nyumba ipi. Sikuja kuuliza."

Bibi Lamya alianza kukunja ncha ya ushungi wake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Fanya utakavyo," alisema. "Siku ya kwanza ya mfungo tutafuturu pamoja. Baada ya futari utaniachia ufunguo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwanamkuu alitoka akijua amepoteza chumba, na pengine na kipindi. Lakini kazi ilibidi ikamilike, na hapa ndipo ufundi wake ulipoonekana. Zile sekunde saba zisingekatika, alishajaribu. Kwa hiyo alikata maneno yake mwenyewe. Alihitaji kutoa maneno kumi na manne. Alitoa sifa zote: jasiri, mwenye subira, mwenye sauti tamu. Alitoa "katika mji mtukufu wa," kwa sababu Makka inajulikana. Kipande cha tatu kilimtaja Mtume mara ya pili, na kumtaja ni kumswalia, sekunde tatu nyingine, kwa hiyo akaandika "alipofiwa na kipenzi chake." Funzo lilikuwa sentensi ndefu juu ya subira na heri. Alilitazama muda mrefu, akalifuta lote, akaandika maneno matatu.

Alirekodi mara moja tu, peke yake, maikrofoni kwenye pete. Zikatoka sekunde sitini. Hakusikiliza.

Mwanamkuu alimweleza Maalim Murtadha kwa simu kwamba hakuna mtu anayehema kwa kuigiza, akaapa kwa Jina la Mola. Maalim akasema, "Umeapa. Mimi sina zaidi ya hapo." Revocatus naye aliambiwa ukweli, kwamba kuna sekunde saba za kimya mwanzoni.

"Dada, mtambo unaruka kwenye ya tano! Jaza hata upepo."

"Siwezi kujaza, kaka yangu."

"Basi ukipigwa muziki wa harusi mji mzima umeshika tende, usinitaje. Na vipindi ishirini na tisa nitampa mwingine. Sikutishi, najua watakavyonipigia simu."

"Najua. Kirushe hivyohivyo."

Siku ya kwanza ya Ramadhani mvua ilinyesha mchana, ikaacha. Saa moja kasoro ya jioni walikuwa sebuleni, Bibi Lamya kwenye kiti chake, Mwanamkuu kwenye mkeka, katikati sahani ya tende, uji wa pilipili manga na tambi. Ufunguo wa ghala Mwanamkuu alikuwa ameuweka juu ya kitambaa cha meza, karibu na mkono wa Bibi. Redio ilikuwa dirishani. Nje, barabara nzima ilikuwa na redio moja, ikitoka kila nyumba.

Ilipobaki dakika, sauti yake ikatoka madirishani kote.

"Bilali bin Rabaha, radhiya Llahu anhu, alizaliwa Makka. Alikuwa mtumwa."

Kimya.

Mwanamkuu alikunja kidole cha kwanza. Cha pili. Mtaani mtu alisema, "Imekatika?" Cha tatu. Cha nne. Cha tano, akafumba macho akingoja ngoma za harusi. Hazikuja. Cha sita. Dirishani, ndani ya redio, mtu alivuta pumzi, na chuma kikagusa udongo. Bibi Lamya aliangusha tende yake. Cha saba.

"Bwana wake, Umayya, alimlaza kwenye mchanga wa moto, jiwe zito kifuani, amkane Mola wake. Bilali akajibu neno moja: Ahad. Mmoja tu. Abubakari akamnunua, akamwacha huru.

"Miaka ikapita. Siku Makka ilipofunguliwa, Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akamwamuru aadhini. Bilali akapanda juu ya Alkaaba. Waliomwita mali yao wakainua shingo kumtazama.

"Kisha ukaja msiba. Alipofiwa na kipenzi chake, sauti ile haikuweza tena kuadhini Madina. Waliomwomba walijibiwa kwa machozi. Akahamia Sham, akafia huko.

"Funzo: binadamu hana bei."

Na adhana ikaanza, palepale, bila kugusana na neno la mwisho. Mwanamkuu alikula tende yake huku machozi yakimwingia mdomoni, chumvi na sukari pamoja.

Simu ikaita. Ilikuwa Revocatus.

"Dada, mtambo haukuruka." Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Nilikuwa nimesimama mbele yake, kidole kwenye swichi. Taa ya kimya haikuwaka kabisa. Umeweka nini mle?"

"Sijaweka kitu."

"Mtambo umesikia kitu, dada. Mtambo hauna dini, lakini hauongopi. Kesho nipe wa pili. Kipindi ni chako."

Alipokata simu, Bibi Lamya alikuwa ametazama ukuta, upande wa uani. Futari yake haikuguswa.

"Pumzi ile naijua," alisema. "Nilikuwa mtoto, yeye kizee. Alikuwa amebaki tu, watu walikwishaachwa huru zamani lakini hakuwa na pa kwenda. Alipanda ngazi ya uani na ndoo, anavuta pumzi kwa mdomo vilevile ili bibi yangu asimsikie amechoka. Alipokosea alifungiwa ghalani. Hata wakati wangu, Mwanamkuu. Hata mimi nikiwa na akili zangu. Niliwahi kutumwa nimpelekee maji, nikamkuta amekaa chini, mkono ameushika kwenye ile pete, hakuna aliyemfunga. Alizoea." Machozi yalimshuka bila sauti. "Tulimwita Faida. Babu alipenda kuwapa majina ya namna hiyo. Faida si jina la mtu. Ni jina la mali."

Hasira ilimpanda Mwanamkuu, ikachanganyika na huruma kwa ajuza yule hata asijue ipi aimeze kwanza.

"Siku ile aliniambia siri, kwa sababu nilimletea maji. Aliniambia kwao Puge hakuitwa hivyo. Kwao aliitwa Kalunde. Akaniambia nisisahau." Bibi Lamya aliusukuma ufunguo kwenye kitambaa mpaka ukagusa goti la Mwanamkuu. "Sikusahau. Nimenyamaza miaka themanini, lakini sikusahau."

Kwenye nyumba ile, usiku wa kwanza wa mfungo husomwa dua ya marehemu, na majina yao yako kwenye daftari la jalada jeusi. Bibi Lamya alilitaka, akamwomba Mwanamkuu alete na kalamu. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, chini ya mabwana na mabibi wote, kulikuwa na neno moja peke yake: Faida. Halikuwa na binti fulani mbele yake. Mwanamkuu alilipiga mstari mmoja. Juu yake akaandika Kalunde.

"Maliza," Bibi Lamya alimwambia. "Dua haisomwi jina nusu. Kalunde binti nani?"

Mwanamkuu alimtazama ajuza, na ajuza akamtazama yeye. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Kule uani, ghalani, hakuna kilichogonga. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kujikunja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vyote vitano, kisha viwili tena kufika saba, na kati yao hakuna aliyejua jina la baba yake Kalunde.